Picha Umepiga, Jina Utaliombaje?

Swali hili naletewa na karibu kila kijana mwenye kamera anayepita studio kwangu hapa Kiseke, na wengine hunipigia simu kutoka Buswelu na Nyamhongolo. Amempiga mtu picha nzuri ya sura. Mwenyewe alikubali, hata akajitengeneza kilemba kabla ya kupigwa. Sasa kuna kitabu, maonyesho au gazeti linaitaka picha hiyo, na mhariri anataka jina chini yake. Je, lazima aandike barua? Aandike nini? Na kama mwenye picha hajui kusoma?

Ndiyo, andika barua. Iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, na uipeleke kwa mkono. Nitakuonyesha niliyoandika mimi kwa mama mmoja anayeuza dagaa hapa Kiseke, pamoja na vitu vinavyowaangusha wengi.

"Lakini alikubali mwenyewe kupigwa!"

Pingamizi hili ndilo la kwanza kila mara, kwa hiyo tulimalize mapema.

Kwa mtu wa mtaani, kupigwa picha kuna maana yake ya siku zote: mpigapicha anapita, unasimama vizuri, kesho analeta picha imesafishwa, unailipia na kuiweka ukutani au kwenye albamu. Mama huyu aliponiruhusu nimpige akipima dagaa, hicho ndicho alichokuwa nacho kichwani. Hakuwaza kitabu dukani, wala sura yake ukutani kwenye ukumbi Dar es Salaam na jina lake likisomwa na wageni. Alikubali kupigwa picha. Kuitoa hadharani ni ombi la pili, na kuweka jina ni ombi la tatu. Kazi ya barua ni kuyatenganisha hayo ili aweze kukubali moja na kukataa jingine.

Upande wa sheria nao hauchukui muda kuueleza. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu, tena yenye jina, ni taarifa binafsi. Anayeona ametendewa visivyo anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukitaka kujua hatari ya fedha ikoje, watazame majirani. Septemba 2023 kamishna wa ulinzi wa data wa Kenya aliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule ya Roma ilitozwa 4,550,000 kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuziridhia. Hakuna aliyekuwa ameiba picha hapo. Tatizo lilikuwa ridhaa tu.

"Mbona magazeti hayaombi?" Mwandishi anayepiga ajali, mkutano wa hadhara au kiongozi akizindua kisima yuko kwenye habari ya siku. Wewe umemtoa mtu mmoja kwenye genge lake na kumfanya yeye ndiye habari. Usijifiche nyuma ya gazeti.

Kwa nini jina ni jambo la peke yake

Kuna wanaoniambia, basi tuache jina, yaishe. Mimi sikubaliani nao. Zile postikadi za zamani za Unguja zimejaa wanawake waliopigwa picha studio wakiwa wamevaa vizuri, na chini yake wameandikwa kabila au kazi tu. Wajukuu zao leo hawawezi kuwatambua. Msichana wa Kiafghani aliyepigwa picha na Steve McCurry mwaka 1984, na sura yake kutokea kwenye jalada la jarida la National Geographic Juni 1985, alizunguka dunia nzima bila jina hadi mwaka 2002, alipotafutwa na kupatikana. Anaitwa Sharbat Gula. Kumnyima mtu jina kunaweza kuwa dharau.

Ila jina likishatoka halirudi. Kanda hii tunalijua hilo. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara na Mwanza ilipoleta kelele, Rais Jakaya Kikwete akaikosoa hadharani mwaka 2006, na maandamano ya kuipinga yakafanyika hapa mjini. Mtengenezaji alikuwa Ulaya. Waliojulikana kwa sura na majina walikuwa hapa, na mwandishi wa habari mmoja aliyezungumza kwenye filamu hiyo alikamatwa. Mzee akikuuliza "picha hii inakwenda wapi?", usidhani ni mshamba. Ana sababu ya kuuliza.

Kwa hiyo, kabla hujaandika barua, kaa chini ujiulize jina hili pamoja na sura hii na mahali hapa vinaweza kumletea nini mtu huyu. Huku kwetu mimi hutazama haya:

- Ana mkopo wa "kausha damu" au deni kwenye kikoba? Picha yenye jina na eneo la biashara inamwonyesha mdai pa kumpata.
- Kuna mgogoro wa ndoa, mirathi au shamba? Ndugu wa upande wa pili nao wanasoma.
- Kuna kitu kwenye picha kinachoweza kumletea mkaguzi, kama samaki wachanga au nyavu zilizokatazwa?
- Ni mtu mwenye ualbino? Kwa yaliyowapata Kanda ya Ziwa, jina na mtaa visiandikwe pamoja, na mara nyingi mahali pasitajwe kabisa. Zungumza naye na familia yake kabla hata ya kufikiria barua.
- Ni bibi kikongwe mwenye macho mekundu? Wapigapicha wanaipenda sana picha hiyo. Macho hayo ni ya moshi wa jikoni wa miaka mingi, lakini Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yakawa ndiyo ushahidi. Usiiweke sura hiyo hadharani pamoja na jina na kitongoji chake, hata kama yeye mwenyewe anacheka na kusema haina shida.

Mambo hayo mawili ya mwisho hayamalizwi na saini. Mtu anaweza kukuruhusu, nawe bado ukatakiwa kuacha.

Kagua picha, kisha andika

Barua inaombea picha moja maalumu, ikiwa imekatwa vile vile itakavyotoka. Usiombe ruhusa ya "picha zako". Mimi huchagua moja, naisafisha kwa saizi ya 5 kwa 7, halafu naitazama ukingo hadi ukingo kama vile sijawahi kuiona.

Kwenye picha ya mama wa dagaa, yeye alikuwa katikati, mkono mmoja kwenye sado, mwingine ukisawazisha dagaa kwa juu. Nyuma yake kulikuwa na kibanda cha wakala wa fedha, na namba ya simu ya wakala ilisomeka vizuri kuliko sura yoyote. Kulia alisimama mtoto na sare ya shule, jina la shule likiwa kwenye sweta. Ina maana picha iliwagusa watu watatu, mama, wakala na mtoto, na mimi nilikuwa najiandaa kumwomba mmoja. Niliikata upande wa kulia mtoto akatoka, na namba ya wakala nikaififisha. Baada ya hapo ndipo nikaandika.

Angalia hasa:

- namba za simu, za pikipiki na za bajaji;
- sare, vitambulisho vya kazini, kadi ya kliniki;
- daftari la madeni likiwa wazi mezani (hili husahaulika sana, na kamera za siku hizi zinalisoma);
- watu wa pembeni wanaotambulika.

Barua yenyewe

Kosa kubwa ninaloliona ni barua kuandikwa kama ya ofisini. Inaanza na "YAH: OMBI LA KIBALI", inafuata "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na chini kuna muhuri. Mtu wa Kiseke akipokea karatasi ya namna hiyo anadhani ameitwa serikali ya mtaa, na atasaini kwa woga au atajificha. Saini ya woga haikusaidii lolote.

Kosa la pili ni barua inayoomba kila kitu: "matumizi yoyote, mahali popote, milele". Fomu hizo hunakiliwa kutoka kwa mashirika ya matangazo. Anayesaini hajui alichokubali, na hilo ndilo atakaloshika siku ya malalamiko. Taja kitabu, taja maonyesho, taja ukurasa wako. Vingine utamrudia.

Hii ndiyo niliyompelekea mama huyu, majina nimeyatoa:

*Kiseke, Mwanza*
*Tarehe ………*

*Mama ………,*

*Shikamoo. Mimi ni ………, mpigapicha wa hapa Kiseke, yule niliyekupiga picha gengeni kwako mwezi wa ……… ulipokuwa unapima dagaa. Picha nimeisafisha na iko pamoja na barua hii. Ni yako. Ibaki kwako hata jibu lako likiwa hapana.*

*Natengeneza kitabu cha picha za watu wa biashara ndogondogo hapa Ilemela. Zitachapwa nakala ……… na zitauzwa. Naomba kuiweka picha yako humo, na chini yake yaandikwe maneno haya tu: "………, muuza dagaa, Kiseke."*

*Kitabu kikitoka, watu usiowajua wataiona sura yako na kulijua jina lako. Mtu anaweza kuupiga ukurasa kwa simu akausambaza, na hilo sitaweza kulizuia. Mimi sitaitoa picha hii kwa tangazo la kampuni wala kwa shughuli ya siasa. Akitokea mtu anayeitaka kwa jambo jingine, nitakuja kukuomba upya.*

*Sitakulipa fedha kwa picha hii. Nitakupa nakala moja ya kitabu.*

*Unaweza kukataa. Unaweza pia kukubali picha na kukataa jina. Ukikubali kisha ukabadili mawazo, niambie kabla ya tarehe ………, siku kitabu kinapokwenda kiwandani. Baada ya hapo nakala zilizochapwa sitaweza kuzikusanya, lakini picha haitaingia toleo linalofuata.*

*Nitapita tarehe ……… kusikia jibu lako. Namba yangu ni ……….*

*Mwanao,*
*………*

*JIBU (weka alama moja):*
*[ ] Picha na jina. Jina liandikwe hivi: ………*
*[ ] Picha bila jina.*
*[ ] Sikubali.*

*Saini au dole gumba: ……… Aliyenisomea: ……… Tarehe: ………*

Tuangalie sehemu chache, maana hizi ndizo watu hutaka kuzifuta.

*Maneno ya chini ya picha yameandikwa yote.* Usiseme "pamoja na maelezo mafupi". Mama anaweza kukubali "muuza dagaa" na akakasirika akikuta "mjane anayehangaika na maisha". Picha ni ile ile, aibu imeletwa na maneno. Mhariri akitaka kuongeza neno, barua imekwisha nguvu hapo, unarudi gengeni.

*Hatari imetajwa.* Wengi huniambia sentensi ile ya kusambazwa kwa simu itamtisha. Ikimtisha, ujue alikuwa hajaelewa, na afadhali aelewe sasa kuliko siku mpwa wake wa Dar atakapomtumia picha hiyo kwa simu.

*Fedha imetajwa, hata kama hakuna.* Usipoitaja, jirani ataitaja: "Huyu anakuuza, atapata mamilioni." Kama unalipwa, sema unalipwa na yeye anapata nini. Kwa tangazo la biashara mimi siendi bila malipo kwa mwenye sura, na huo unakuwa mkataba wa peke yake. Jambo moja la kuepuka: usitoe noti pale pale wakati karatasi iko mezani. Mwenye njaa atasaini chochote.

*Mwisho wa kubadili mawazo una tarehe.* Usiahidi kwamba anaweza kujitoa wakati wowote halafu kila kitu kitafutika. Kitabu kilichochapwa hakifutiki, gazeti la jana limeshafungia maandazi. Mwambie unachoweza na usichoweza.

Kuipeleka

Usiitume kwa WhatsApp kwanza. Peleka mwenyewe, na uchague siku. Mama huyu hununua dagaa wake Igombe, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika, dagaa wanapungua, na genge linakuwa na nafasi ya mazungumzo. Nilikwenda siku hizo, alasiri, nikanunua sado yangu kama mteja yeyote, kisha nikaomba nafasi. Ukienda asubuhi gunia limefika na wateja wamepanga foleni, atakuambia "sawa, sawa" ili uondoke tu.

Hatua zenyewe ziende hivi:

1. Mpe picha kwanza, barua baadaye. Aitazame. Wengi huanza kwa kucheka, kisha wanaanza kusema wasichokipenda, kama kanga iliyofifia au ndala. Sikiliza hapo, ndipo utajua kama anaitaka picha yenyewe.
2. Barua isomwe kwa sauti, hata kwa anayejua kusoma. Usimuulize mtu mzima mbele za watu kama anajua kusoma. Sema tu, "Naomba nikusomee, halafu nikuachie."
3. Kama anaelewa Kisukuma vizuri kuliko Kiswahili, mtafsiri awe mtu aliyemchagua yeye, binti yake au jirani, si rafiki yako uliyekuja naye.
4. Mwombe akueleze kwa maneno yake unachoomba. Mama huyu alinijibu, "Unataka kunitoa kwenye kitabu na jina." Nilimuuliza kitabu kitakuwa wapi. Akasema, "Kwako." Basi alikuwa bado hajaelewa kwamba kitauzwa, nikarudia kipande hicho.
5. Usichukue saini siku hiyo. Acha karatasi mbili, moja ya kwake, na urudi baada ya wiki.

Hatua ya tano ndiyo vijana hawaipendi. Lakini nyumbani kuna mume, kuna watoto wakubwa, kuna shemeji anayejua mambo ya mitandao. Atayazungumza nao, na kama kuna ugomvi ni heri uje kabla ya kitabu.

Mwenyekiti wa mtaa je? Kama unafanya kazi ya picha mtaani kwa siku nyingi, nenda ukajitambulishe, ni ustaarabu na kutakuokoa na maswali. Lakini usimfanye shahidi wa ridhaa. Mtu anayekwenda kwake kuomba barua ya utambulisho hawezi kukataa kitu mbele yake. Shahidi achaguliwe na mwenye picha.

Jina lipi?

Hapa ndipo nilipojifunza kuuliza badala ya kudhani. Kwenye rasimu niliandika jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, nikiona ndiyo heshima. Yeye alilikataa. Jina hilo, alisema, liko benki na kwenye kikoba, na mtaani hakuna anayemwita hivyo. Alitaka aandikwe "Mama" na jina la mtoto wake mkubwa, basi. Lakini lilibaki swali moja, maana jina la mtoto ni la mtoto. Kijana mwenyewe ni mtu mzima, tulimpigia simu pale pale, akakubali.

Muulize basi:

- Aandikwe jina la kitambulisho, la mtaani, la ukoo, au la kwanza tu?
- Kama ni la mtoto, mtoto ana umri gani, na amekubali?
- Linaandikwaje? Majina ya Kisukuma yenye *ng'* hupoteza alama yake kwa wachapaji, na mtu akakuta jina la mtu mwingine chini ya sura yake. Mwachie aandike mwenyewe kwenye ile nafasi, au asome herufi moja moja nawe uandike.
- Mahali patajwe vipi: Kiseke, Ilemela, au Mwanza tu?

Kubadili "Kiseke" kuwa "Mwanza" kunamficha mtu kuliko kufuta jina lake la kwanza. Anayemtafuta mama muuza dagaa Kiseke atampata kabla ya saa sita mchana.

Majibu utakayopata

*Ndiyo kwa vyote.* Chukua karatasi yako, acha yake, piga picha zote mbili kwa simu.

*Picha ndiyo, jina hapana.* Hili ni jibu kamili, usilibembeleze. Andika kazi na mji. Hakikisha jina limetoka pia kwenye jina la faili na kwenye maelezo yaliyofichwa ndani yake, maana wahariri huyanakili bila kufikiri.

*Hapana.* Shukuru, picha imeshakuwa yake. Usirudi na mwenyekiti, mchungaji wala ofa ya fedha. Muulize tu kama unaweza kuihifadhi kwako bila kuionyesha. Akikataa na hilo, ifute mbele yake.

*Kimya.* Amekuambia "nitakujulisha", wiki mbili zimepita, simu hapokei. Vijana wanaiita ndiyo. Kwa uzoefu wangu huku, hiyo ni hapana ya mtu mwenye adabu. Pita mara moja, msalimie, usipopata neno, iache.

*Ujumbe wa sauti.* Akikutumia sauti kwa WhatsApp kwamba amekubali, ihifadhi, inasaidia, hasa kwa asiyeandika. Ila ataje amekubali nini: "Nimekubali picha yangu ya dagaa itoke kwenye kitabu na jina langu liandikwe hivi." "Sawa mwanangu" haitoshi.

Watoto na marehemu

Chini ya miaka 18 ni mtoto, na barua inakwenda kwa mzazi au mlezi. Mwalimu si mlezi kwa jambo hili. Mtoto mwenyewe naye aulizwe, akijificha nyuma ya mama yake umepata jibu. Mimi kwa watoto siweki jina la ukoo wala la shule, hata mzazi akitaka.

Aliyefariki kabla hujamwomba, nenda kwa familia baada ya arobaini au baada ya matanga kwisha, na uulize nani anasemea. Wakigawanyika, usiitoe.

Baada ya saini

Barua iliyosainiwa ikipotea ni kama haikuwepo. Mpe kila picha namba, andika namba hiyo nyuma ya barua, weka barua kwenye faili moja na nakala ya simu mahali pengine. Karatasi hizo nazo zina majina na namba za watu, kwa hiyo zisizagae studio.

Kisha shughulikia faili la picha. Ukipiga kwa simu, au kwa kamera iliyounganishwa na simu, mara nyingi ndani ya faili kuna alama ya mahali hasa ulipopigia. Ukimtumia mhariri kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, alama hiyo hutoka pamoja na ubora. Ukituma kama dokumenti, ubora unabaki na alama inabaki pia. Kwenye kompyuta yenye programu ya ExifTool, iondoe hivi kabla ya kutuma:

```
exiftool -gps:all= picha.jpg
```

Programu itaacha nakala ya zamani inayoitwa `picha.jpg_original`. Hiyo bado ina mahali ndani yake, kwa hiyo usiitume kwa bahati mbaya.

Kwa mhariri, tuma picha pamoja na maneno yaliyokubaliwa na sentensi moja: maneno haya yasibadilishwe bila kuniuliza. Omba kuona ukurasa kabla haujachapwa. Mimi nilipouona wa mama wa dagaa, jina lilikuwa sawa na herufi zote zilikuwepo, lakini mtu wa kiwandani alikuwa ameongeza "Ziwa Viktoria, Tanzania" na kuirudisha picha nzima, mtoto na sweta lake wakiwa upande wa kulia. Nilituma tena ile iliyokatwa, nikapiga simu kuhakikisha imefunguliwa, na nikasubiri ukurasa wa pili kabla ya kusema ndiyo.